Kidonda cha tohara: Jinsi ya kukitunza na kujua kama kimeingia viini

Agosti ya kila mwaka wa shufwa ni msimu wa tohara kwa familia nyingi za Bungoma. Mara nyingi shida haianzi siku ya kukatwa. Huanza siku chache baadaye, kijana akiwa nyumbani na wenzake, naye anaona haya kumwambia mtu kwamba anaumia. Kwa hivyo anayemtunza anafaa kukitazama kidonda kwa macho yake kila siku, wala asitosheke na jibu la "niko sawa".

Siku mbili za kwanza, bendeji iachwe ilivyofungwa na isiloweshwe maji. Uume ulale ukielekea juu kwenye tumbo ndani ya chupi safi isiyolegea sana, kwa sababu ukining'inia huvimba zaidi. Bendeji hutolewa baada ya saa 24 hadi 48, kulingana na maagizo ya mhudumu. Ikiwa imeshikana na kidonda, usiivute. Iloweshe kwa maji vuguvugu yaliyochemshwa hadi iachie yenyewe.

Baada ya hapo, kidonda kioshwe mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kisha kikaushwe polepole kwa kitambaa safi. Anayekigusa anawe mikono kwanza. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, udongo, dawa ya meno, spiriti wala majani yaliyosagwa. Udongo na kinyesi hubeba viini vya pepopunda, na spiriti huchoma nyama mpya inayoota. Nyuzi nyingi zinazotumika hospitalini huyeyuka zenyewe, kwa hivyo usizikate.

Wengi huhangaishwa na rangi ya manjano. Chukua mfano wa mvulana wa miaka 13 aliyetahiriwa Jumatatu. Jumatano bendeji inatolewa, na uume umevimba kidogo chini ya mshono. Hilo ni la kawaida. Ijumaa mama anaona utando mwembamba wa manjano kwenye kidonda. Hautiririki, haunuki, na mtoto anatembea vizuri kuliko jana. Huo si usaha, ni sehemu ya kupona, na kuusugua kutakitonesha kidonda.

Lakini Jumamosi jioni mvulana huyo anakataa kuvaa chupi kwa maumivu. Uvimbe uliokuwa umeanza kupungua umerudi, ngozi ni nyekundu na ya moto, na wekundu unapanda kuelekea tumboni. Majimaji mazito yenye harufu yanatoka kwenye mshono, na mwili una joto. Hapo kidonda kimeingia viini. Mama asingoje Jumatatu wala asinunue vidonge dukani. Ampeleke mtoto kituo cha afya usiku huo.

Kipimo cha kukumbuka ni hiki: kuanzia siku ya tatu, maumivu na uvimbe vinapaswa kupungua kila siku. Vikiongezeka badala ya kupungua, nenda ukaonwe siku hiyo hiyo, hata kama huoni usaha.

Kuna dalili nyingine ambazo hazingojei hata saa chache. Kidonda kikitoka damu, kibonyeze kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuachia ili kuchungulia. Damu ikiendelea, nenda hospitali ukiwa umekibonyeza. Nenda mara moja pia ikiwa kijana hawezi kukojoa, au kichwa cha uume kinageuka cheusi au kufa ganzi. Taya likikaza na kijana kushindwa kufungua mdomo, hata wiki mbili au tatu baada ya tohara, hiyo huenda ikawa pepopunda, na inaua. Mweleze daktari siku aliyotahiriwa na kila kitu kilichopakwa kwenye kidonda, hata kama ni dawa ya kienyeji. Hakuna atakayemkemea mtu, na habari hiyo humsaidia kuchagua matibabu.

Kwa vijana wakubwa na wanaume, uume kusimama usiku ni kawaida, nao huvuta nyuzi na kuumiza. Kukojoa kabla ya kulala na kuamka kutembea kidogo husaidia. Kidonda huweza kuonekana kimefunga baada ya wiki mbili au tatu, lakini ndani ngozi bado haijashikana imara. Ndiyo maana huambiwa wasifanye mapenzi wala kujichua kwa wiki 6. Anayefanya mapenzi kabla ya hapo anaweza kupasua kidonda, na kidonda kilichopasuka hurahisisha kupata au kuambukiza virusi vya ukimwi.

Hata kama kila kitu kinaonekana sawa, mrudishe kijana kituoni siku ya pili na siku ya saba baada ya kutahiriwa. Aliyetahiriwa nyumbani pia anaweza kuonwa katika kituo cha afya kilicho karibu.