Kikombe cha Sita

Mpishi wa dago huamka kabla ya wenzake. Huchochea makaa ya jana, huchemsha chai, na giza likiwa bado zito hugawa vikombe vya bati, mkono hadi mkono. "Umepata?" "Nimepata." Wavuvi ni watano na yeye ni wa sita. Vikombe ni sita. Asubuhi moja anawamaliza wote watano, ananyoosha mkono achukue chake, na mkono unagusa mchanga mtupu.

Huo ndio mfupa wa hadithi ya mizuka niliyoitunga kwa ajili ya kuota moto kambini. Nimeisimulia mara nyingi, na mara chache za mwanzo niliiharibu. Nitaifungua hapa kipande kwa kipande, kwa sababu hofu ya motoni haitoki kwenye mzuka. Hutoka kwenye kimya kimoja karibu na mwisho, na kila kinachotangulia ni maandalizi ya kimya hicho.

Hadithi ya kulalia tunaijua sote. Msimulizi anasema paukwa, watoto wanaitikia pakawa, zimwi linatokea, zimwi linakufa, na mwisho anatangaza kuwa hadithi imeishia hapo. Tangazo hilo ni komeo la mlango. Zimwi limefungiwa nje, mtoto anaweza kufumba macho. Hadithi ya motoni haina komeo. Haimlazi mtu wala haimpi funzo, na mzuka wake haufi. Kwa hiyo usiisimulie mbele ya mtoto mdogo ambaye baadaye atalala peke yake. Msubiri alale kwanza.

Mtu aliyeieleza vizuri kazi ya kimya ni mwandishi wa Marekani Mark Twain. Utotoni, katika shamba la mjomba wake huko Missouri, alikuwa akisikiliza hadithi za mzee mmoja mtumwa aliyeitwa Uncle Dan'l. Mojawapo ilimhusu marehemu aliyeibiwa mkono wake wa dhahabu kaburini, akawa anarudi usiku kuuliza nani kauchukua. Twain alikua, akaisimulia jukwaani miaka mingi, na mwaka 1895 akachapisha makala kuhusu sanaa ya kusimulia. Humo alieleza kwamba hadithi nzima inasimama juu ya kituo kimoja, kabla ya msimulizi kumgeukia ghafla msikilizaji na kumpigia kelele. Kituo kikiwa kifupi mno, watu hawajakaza misuli. Kikiwa kirefu mno, wameshang'amua kwamba wanategewa. Yangu haimaliziki kwa kelele, lakini kanuni ni ileile.

Andika mifupa tu

Usiiandike hadithi ya motoni neno kwa neno ukaikariri. Anayekariri husikika anasoma, na msikilizaji mmoja akikohoa tu, uzi unakatika. Mimi huandika ukurasa mmoja wenye usiku tatu. Usiku wa kwanza kikombe kinapotea. Kunapokucha kinaonekana upande wa pili wa moto, kimejaa, chai imepoa, na ndani yake mna mchanga mbichi wa baharini. Usiku wa pili mpishi anahesabu majibu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha anasikia la sita. Usiku wa tatu anakishika kikombe cha sita, anakinyoosha gizani, na hakiachii.

Mambo matatu tu ndiyo ninayoyakariri. La kwanza ni kiitikio: "Umepata?" "Nimepata." La pili ni sentensi ya kupitia, inayosemwa mapema na kwa haraka kana kwamba haina uzito: vikombe hapo awali vilikuwa saba, ila cha mwenzao mmoja walimpelekea mama yake msimu wa kaskazi uliopita, maana mwenyewe baharini hakurudi. Sirudii tena habari hiyo. Msikilizaji ataikumbuka mwenyewe usiku wa pili, na kwa kuwa ameiunganisha kwa akili yake, ataiamini kuliko ningemweleza. La tatu ni maneno mawili ya mwisho, nitakayoyataja baadaye.

Maneno kama "ya kutisha" na "cha ajabu" nimeyafuta yote. Ukimwambia mtu aogope, anaanza kukukagua. Ukimwambia kwamba ndani ya kikombe mna mchanga mbichi, anajiuliza mwenyewe umetoka wapi.

Mwendo

Hadithi nzima huchukua kama dakika nane. Karibu nusu huzimaliza kwenye usiku wa kwanza, na hapo naongea kama mtu anayepiga soga: bei ya samaki, mvuvi anayekoroma, mpishi anayezidisha tangawizi. Watu wakicheka, vizuri zaidi. Kicheko ndicho hulegeza mwili, na mwili uliolegea ndio unaoweza kushtuka.

Hapo ndipo ninapowapa kazi. Nawaelekezea kidole wasikilizaji watano, mmoja mmoja, kuwauliza "Umepata?", na kila mmoja anajibu. Mara ya kwanza hujibu kwa sauti kubwa na utani. Mimi nataka hivyo. Nawafundisha kwamba swali langu lina jibu, na jibu huja papo hapo.

Usiku wa pili nafupisha. Soga hakuna, tunaingia moja kwa moja kwenye kugawa. Majibu matano yakishatoka, jibu la sita nalitoa mimi mwenyewe, kwa sauti yangu ya kawaida kabisa: "Nimepata." Siigizi mzuka. Sauti ya kukwaruza ya zimwi inawarudisha watu kwenye hadithi za watoto, na wataanza kucheka pale ambapo hawatakiwi.

Usiku wa tatu sentensi zinakuwa fupi na nafasi kati yake zinarefuka. Kwenye karatasi naweka mkwaju mmoja kwa kituo kifupi na miwili kwa pumzi nzima, namna hii: Akamimina chai. / Cha kwanza. / Cha pili. // Moto ulikuwa umelala. // Hofu ya msimulizi mgeni ni kwamba watu watachoka, kwa hiyo anakimbia hapa. Akikimbia, kazi yote ya nyuma imepotea bure.

Sauti ya chini si mnong'ono

Wengi wakiambiwa washushe sauti hunong'ona. Kunong'ona ni kutoa hewa bila nyuzi za sauti kutetemeka, na hewa hiyo inafanana mno na mvumo wa upepo na mchakato wa kuni. Aliyekaa upande wa pili wa moto hasikii, anamuuliza jirani "kasemaje?", na hadithi imekufa hapo hapo. Iteremshe sauti lakini iache iwe sauti. Kipimo ni rahisi: weka vidole kooni uongee. Ukihisi mtetemo, uko sawa.

Ishuke kwa ngazi, si kwa ghafla. Kila usiku wa hadithi naupunguzia kidogo, na watu wanafuata bila kujua. Utawaona wameinama mbele, na wale watano niliowafundisha kuitikia kwa kelele wanajibu "nimepata" kwa sauti ya chini kama yangu. Ishara nyingine ninayoitazama ni kuni: watu wakiacha kuchochea moto unaofifia, ujue wamekamatika. Wakiwa bado wanachezea vijiti, rudi nyuma kidogo, ongeza jambo moja dogo, usiende mwishoni bado.

Moto nao una saa yake. Anza miali ikiwa juu, umalize yakiwa yamebaki makaa. Macho yaliyotazama moto hayaoni kitu gizani, na huchukua hata nusu saa kulizoea giza sawasawa. Maana yake ni kwamba kila aliyeketi hapo ana upofu wa muda kuhusu kilichoko nyuma ya mgongo wake. Ndiyo maana simu ni adui. Mwanga wa kioo kimoja unamwonyesha kila mtu kwamba nyuma kuna mkoko tu na ndoo. Nawaomba wazime kabla sijaanza. Epuka pia kuni mbichi, kwa sababu hupasuka zenyewe na kuwashtua watu mahali usipopapanga.

Kimya

Katika mazungumzo ya kawaida, pengo kati ya swali na jibu ni dogo sana, kama sehemu ya tano ya sekunde. Sekunde mbili za kimya baada ya swali tayari zinamfanya mtu ajisikie vibaya. Hadithi hii inautumia udhaifu huo. Imeshawazoesha watu kwamba "Umepata?" hujibiwa. Sasa mpishi amewamaliza watano, na nina kikombe halisi cha bati mkononi, ambacho kimekuwa kando yangu tangu mwanzo bila mtu kukijali. Nakinyanyua. Nakinyoosha mahali penye uwazi kati ya watu wawili, kuelekea gizani. Nasema maneno mawili: "Na wewe?"

Kisha nanyamaza.

Simtazami mtu. Natazama lile pengo, kwa kimo cha uso wa mtu aliyeketi. Sihesabu sekunde, kwa kuwa anayehesabu huonekana usoni. Navuta pumzi moja ya taratibu na kuitoa, kisha naanza ya pili. Waliokaa kando ya pengo huanza kusogea mbali nalo katika pumzi ya kwanza. Ya pili isipite nusu, maana hapo kuna mtu atacheka kujiokoa.

Niliiharibu hapa mara mbili. Mara ya kwanza niliogopa kimya changu mwenyewe nikaanza kueleza kwamba yule wa sita ndiye aliyezama. Kila mtu alishajua, na kueleza kukawa komeo la mlango. Mara ya pili kijana mmoja mtundu aliyekaa nyuma alijibu, "Nimepata!" Nikacheka, wote wakacheka, tukaenda kulala salama. Siku hizi mtundu akijibu sigeuki. Nabaki nimetazama palepale, kwa sababu sauti yake imetoka upande mwingine na wote wamelisikia hilo. Kisha naachia kikombe.

Kinaanguka mchangani. Hakilii sana, lakini baada ya kimya kile kinatosha.

Usiseme hadithi imeishia hapo. Inuka, jipanguse mchanga, uage kwa sauti yako ya kila siku, uende zako hemani. Kikombe kiache kilipo. Kesho alfajiri, kabla hakujapambazuka, utahitaji mtu wa kukiokota ili chai ianze kugawiwa.