Simu ya gemu hujulikana dakika ya 20

Mchana wa Novemba hapa Dodoma, chumba cha hosteli kikikaribia nyuzi 30, simu mbili zinaanza mechi ya Call of Duty: Mobile zikiwa sawa kabisa. Dakika ya 20 moja inaanza kukwama. Muuzaji wala hakudanganya, alikutajia tu kasi ya dakika za mwanzo.

Simu nyingi hazina feni. Chipu ikipata moto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike. Ukicheza kwa fremu 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kuchorwa. Ikichelewa, unamlenga adui pale alipokuwa.

Ndiyo maana kizazi cha chipu ni muhimu. Snapdragon 888 ya 2021 ilikuwa ya daraja la juu, ila inachemka haraka. Snapdragon 8+ Gen 1 ya 2022, iliyotengenezwa na TSMC, inakula umeme kwa nidhamu zaidi. Kwa simu iliyotumika, mimi ningechukua hiyo ya pili. RAM ya GB 8 inatosha, kuizidisha hakuongezi fremu. Kioo kinachosoma kidole mara 240 kwa sekunde hukagua kila milisekunde 4 hivi, lakini fremu zikishaanguka hakikuokoi.

Kwa hiyo dukani omba nusu saa. Chomoa chaja, washa kipimo cha fremu, cheza. Zikishuka kutoka 60 hadi 40 na mgongo wa simu unaunguza, mrudishie mwenyewe.