Ngome Badala ya Malkia

Hebu tumwazie mtunzi mzee wa mafumbo ya sataranji. Katika fumbo lake la mwisho, mfalme mweupe yuko c2 na askari wake c7, hatua moja tu kabla ya kupandishwa cheo. Mfalme mweusi yuko a1, ngome yake d4. Mzee ameandika: sare. Askari akigeuzwa malkia, ngome nyeusi inajitoa mhanga c4. Malkia akiila, mfalme mweusi hashambuliwi lakini hana pa kwenda, na mchezo unaishia hapo.

Mjukuu anauliza: "Babu, nikichukua ngome badala ya malkia?"

Mzee ananyamaza. Ngome ya c8 inatishia kwenda a8 na kumaliza mchezo, hivyo nyeusi lazima izuie kwa a4. Mfalme mweupe anasogea b3: anaitishia ngome hiyo, na papo hapo c1 kuna mati. Nyeusi haiwezi kuzuia yote mawili.

Mtoto ni wa kubuni, kasoro ni ya kweli. Mwaka 1895 Georges Barbier alichapisha fumbo hili katika gazeti la Glasgow kama sare. Padri Fernando Saavedra ndiye aliyeiona ngome.