Kuijua Nchi kwa Mpaka Wake

Ukipewa mchoro wa nchi usio na jina hata moja, mstari mweusi umezungushwa na ndani pameachwa peupe, jicho hukimbilia umbo zima: ni pana, ni refu, linafanana na nini. Hapo ndipo wengi hukwama. Katika michezo na mazoezi ya namna hii kila nchi hukuzwa au kupunguzwa ijae kisanduku kilekile, hivyo Burundi huonekana kubwa sawa na Tanzania. Ukubwa hausaidii, majirani hawapo, na bahari haijulikani iko upande gani. Umebaki na mstari peke yake, na mstari wa mpaka husomwa kipande kwa kipande. Palipopindapinda, mara nyingi panafuata mto, ufuo au vilele vya milima. Paliponyooka palichorwa kwa rula. Palipopindishwa ghafla pana kisa, na ukishakijua kisa hicho hutalisahau umbo la nchi hiyo.

Tuichukue Tanzania. Anza kaskazini, pale mpaka wake na Kenya unapotoka Ziwa Victoria kuelekea kusini mashariki. Umenyooka kabisa kwa mamia ya kilomita, unapita kati ya Serengeti na Maasai Mara, unafika Namanga, unaendelea mpaka jirani na Loitokitok. Hapo unakatika. Unageuka kusini, unateremka kando ya Ziwa Chala, unapita kati ya Holili na Taveta, unaligusa Ziwa Jipe, kisha unanyooka tena hadi karibu na mdomo wa Mto Umba, baharini. Kwenye mchoro wa Tanzania kona hiyo ni kama bega lililosukumwa nje upande wa kaskazini mashariki. Ndani ya bega hilo umekaa Mlima Kilimanjaro.

Ukiwa na atlasi na rula, jaribu mambo mawili. Kwanza, unganisha moja kwa moja sehemu mpaka unapoliacha ziwa na sehemu unapofika baharini. Mstari wako utapita jirani na mji wa Moshi, na kilele cha Kibo kitabaki upande wa Kenya. Pili, chukua kile kipande kirefu kinachotoka ziwani na ukiendeleze bila kukata kona. Utaangukia pwani karibu na Mombasa. Hivyo ile kona ndiyo iliyouweka mlima upande mmoja na bandari upande wa pili.

Wengi tumesimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima huo kwa siku yake ya kuzaliwa. Hadithi hii haisimami. Mstari huo ulikubaliwa na serikali za Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, wakati Kaisari alikuwa Wilhelm wa Kwanza. Mjukuu wa Victoria alikalia kiti mwaka 1888. Sababu halisi ni ya kibiashara na kisiasa: mwaka 1885 mjumbe wa kampuni ya Kijerumani, Karl Jühlke, alikuwa amepata mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, ilhali Mwingereza Harry Johnston alikuwa ametangulia kujipatia ardhi Taveta mwaka 1884. Makubaliano yakaupitisha mpaka katikati, Uchagani huku na Taveta kule. Wenyeji waliokuwa wakipanda na kushuka kwenda kuuziana ndizi na mifugo hawakuulizwa.

Kila mpaka una nchi mbili, kwa hiyo alama moja hukufundisha maumbo mawili. Bega la Tanzania ni bonyeo la Kenya. Ukiona umbo lililobonyea ukingoni mwake wa chini, kati ya mistari miwili iliyonyooka, hiyo ni Kenya. Vivyo hivyo, Kongo ina mkia unaoning'inia kusini mashariki, na mkia huohuo ndio unaoipasua Zambia karibu vipande viwili.

Panapowapotosha hata wazoefu ni majini. Kisheria mpaka wa Tanzania na Uganda hukata Ziwa Victoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini mwa Ikweta. Mchoraji anayefuata sheria atakupa Uganda yenye kitako kilichonyooka na Tanzania yenye kichwa bapa. Mchoraji anayeondoa maji na kubakiza nchi kavu atakupa Uganda iliyoliwa kona ya kusini mashariki, na Tanzania yenye ghuba kubwa ya duara juu yake, visiwa vya Ukerewe na Ukara vikielea ndani. Nchi ni zilezile, ila mtu aliyezoea mchoro mmoja anaweza kuutazama wa pili asiutambue. Basi kabla ya kubahatisha jina, jiulize kama maziwa yamehesabiwa.

Mstari huo wa digrii 1 hauishii ziwani. Unapanda nchi kavu upande wa magharibi, unapita Mutukula, na kuuacha Mto Kagera kusini yake kwa sehemu kubwa. Pembe hiyo ya ardhi iliyo kati ya mto na mstari ndiyo Idi Amin aliyoivamia mwaka 1978 na kutangaza kwamba ni ya Uganda, akitaka mto ndio uwe mpaka. Vita vilivyofuata vilimng'oa madarakani Aprili 1979. Kwenye mchoro ukingo ule bado umenyooka. Kama Amin angefaulu, leo ungekuwa unapinda kwa kufuata maji.

Latitudo hiyo ilipelekwa magharibi kuvuka ziwa na mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, uleule uliowaachia Waingereza Zanzibar na kuwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Karatasi hiyo iliacha alama mbali sana na kwetu. Tazama Namibia: kutoka kona yake ya kaskazini mashariki umechomoza mkono mwembamba wa kilomita 450 hivi, unaokwenda mashariki hadi Mto Zambezi. Hakuna nchi nyingine Afrika yenye alama kama hiyo. Wajerumani waliutaka ili wafike kwenye mto, wakitumaini kuufuata mpaka Bahari ya Hindi. Lakini ukiteremka kidogo tu kutoka mwisho wa mkono huo unakutana na Maporomoko ya Victoria, wala hakuna chombo kinachopita hapo. Mkono ukapewa jina la Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, Caprivi.

Mkataba huohuo ndio unaolifanya umbo la Malawi litofautiane kutoka atlasi hadi atlasi. Uliupitisha mpaka kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Nyasa, na Malawi inaushikilia hadi leo. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya maziwa yanayogawanywa na nchi mbili. Upande wa Msumbiji Waingereza na Wareno walikubaliana mwaka 1954 kupita katikati, ingawa visiwa vya Likoma na Chizumulu vilivyo ng'ambo vilibaki vya Malawi. Kwa hiyo ukiletewa umbo refu jembamba, angalia ukingo wake wa kaskazini mashariki. Ukiwa umekwenda mpaka ufuo wa Mbamba Bay na Manda, mchoraji amefuata madai ya Lilongwe. Ukiishia katikati ya ziwa, amefuata ya Dodoma. Na kama amechora mstari wa nukta nukta, ameacha shauri hilo wazi, kama lilivyo.