Daftari limejaa, sevisi ijayo ni lini?

Mashine nyingi za kusaga zinazotumia dizeli zina daftari. Limening'inizwa kwenye msumari karibu na mlango, lina unga na alama za vidole vya oili, na ndani yake kila kitu kimeandikwa: oili imebadilishwa, mkanda umekatika, fundi kaja. Ukimuuliza mwendeshaji oili ibadilishwe tena lini, atapekua kurasa kwa dakika kadhaa, kisha atakwambia, "Nadhani bado." Hapo hadanganyi. Daftari limepangwa kwa siku, ilhali swali lako linahusu kazi moja tu.

Dawa yake ni jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kazi: hufanywa kila baada ya muda gani, ilifanywa mara ya mwisho lini, na inayofuata ni lini. Kulichora hakuchukui muda. Shughuli iko katika kulisoma daftari.

Tuchukue mfano wa injini yenye mita ya kuhesabu saa za kazi. Miezi mitatu ya daftari lake inasomeka hivi: Januari 12, mita 1,840, oili na filta ya oili vipya. Februari 3, mkanda umekatika, umefungwa mpya. Februari 20, mita 1,990, oili imeongezwa lita moja. Machi 6, fundi kafanya sevisi. Machi 28, mita 2,140, filta ya hewa imepulizwa.

Anza na kitabu cha injini, daftari liweke kando kwanza. Orodha ya kazi na vipindi vyake hutoka kwa mtengenezaji. Anayeokota kazi kutoka kwenye daftari ataishia na zile tu ambazo watu walikumbuka kuzifanya. Kuseti tapeti, kwa mfano, hakumo humo kabisa, na kuna mashine zimesaga miaka bila kazi hiyo kuguswa. Vilevile usikokotoe wastani wa vipindi vilivyopita ukauita ratiba, maana huo ni wastani wa uzembe wenu. Tuseme kitabu kinataka oili na filta yake kila saa 250 au miezi 6, lolote litakalotangulia, filta ya hewa ipulizwe kila saa 50 na ibadilishwe kila saa 500, na mkanda ukaguliwe kila saa 50. Penye vumbi jingi, na penye kinu vumbi halikosekani, vitabu vingi huagiza vipindi vya filta ya hewa vifupishwe.

Sasa rudi kwenye daftari, ukiuliza kila sentensi inagusa mstari upi. Lita moja iliyoongezwa Februari 20 haigusi wowote. Kuongeza si kubadilisha. Oili chakavu bado imo ndani pamoja na uchafu wake. Filta ya hewa iliyopulizwa Machi 28 inagusa mstari wa kupuliza peke yake. Ukiihesabu kama filta mpya, utaendelea kupuliza karatasi iliyochoka hadi itoboke na kuachia vumbi liingie kwenye silinda.

Sentensi ngumu ni ile ya Machi 6. "Kafanya sevisi" ni maneno matupu mpaka yapate ushahidi. Kuchomoa kijiti na kutazama rangi ya oili hakutakusaidia, kwa sababu oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi muda mfupi tu baada ya kumwagwa mpya. Tafuta risiti. Tuseme ipo, na inaonyesha oili lita tano, bila filta. Basi sevisi ile inagawanyika: mstari wa oili unasogea hadi Machi 6, wa filta unabaki Januari 12. Kama risiti isingepatikana, ningeandika kwamba oili nayo haijaguswa tangu Januari.

Lakini Machi 6 hakuna aliyesoma mita. Kati ya Februari 20 na Machi 28 kuna siku 36 na saa 150, yaani zaidi kidogo ya saa 4 kwa siku. Siku 14 baada ya Februari 20 mita ilikuwa karibu 2,048. Andika 2,040 na uweke neno "kadirio". Katika kukadiria, shuka chini kidogo, ili kosa likitokea sevisi iwahi badala ya kuchelewa. Kwa hesabu hiyohiyo, mkanda wa Februari 3 unapata 1,920.

| Kazi | Kila saa | Mara ya mwisho | Inayofuata | Hali, mita 2,140 |
|---|---|---|---|---|
| Oili | 250 | 2,040 (kadirio) | 2,290 | zimebaki 150 |
| Filta ya oili | 250 | 1,840 | 2,090 | imepita 50 |
| Kupuliza filta ya hewa | 50 | 2,140 | 2,190 | zimebaki 50 |
| Filta mpya ya hewa | 500 | haijulikani | sasa | ifanywe |
| Kukagua mkanda | 50 | 1,920 (kadirio) | 1,970 | imepita 170 |

Mkanda ndio unaoshtua. Ulifungwa mpya, kila mtu akaridhika, na mkanda mpya hulegea mapema kuliko uliokwisha zoea kapi. Kuhusu filta ya oili, mimi ningebadilisha oili na filta pamoja sasa hivi, hata kama oili ina saa 150 za ziada, ili mistari hiyo miwili iende sambamba tena. Zikibadilishwa mita ikisoma 2,150, inayofuata ni 2,400. Hesabu huanzia pale kazi ilipofanyika kweli, si pale ilipopaswa kufanyika.

Saa zinamtosha mwendeshaji anayeiona mita, ila mwenye mashine anayenunua oili mjini anataka tarehe. Mashine yetu huenda wastani wa saa 4 kwa siku tangu Januari, hivyo zile saa 150 za oili ni siku 37 hivi, yaani Mei 4. Miezi sita ingefika Septemba 6. Saa zimetangulia. Kwa jenereta ya akiba inayowashwa umeme ukikatika tu, mara nyingi miezi ndiyo itakayotangulia.

Kwenye Excel, weka saa za kipindi B2, miezi C2, mita ya mwisho D2 na tarehe yake E2. Kisha J1 iwe mita ya sasa, J2 tarehe iliposomwa, J3 wastani wa saa kwa siku:

```
=MIN($J$2+(D2+B2-$J$1)/$J$3, EDATE(E2,C2))
```

Mstari usio na kipindi cha miezi uache sehemu ya `EDATE`. Na usiweke `TODAY()` mahali pa J2. Mita isiposomwa kwa wiki mbili, `TODAY()` itasogeza sevisi mbele siku moja kila siku, na jedwali halitasema kamwe kwamba umechelewa. Angalia pia tarehe: kompyuta iliyowekewa mpangilio wa Kimarekani huifanya 3/2 kuwa Machi 2, na 28/3 huiacha kama maandishi. Utaijua kwa kuwa itaegemea kushoto mwa kisanduku, wakati tarehe halisi huegemea kulia.

Ukikuta namba za mita zimeshuka ghafla, kwa mfano kutoka 3,412 hadi 15, mita ilibadilishwa. Jumlisha 3,412 kwenye kila usomaji wa baada ya hapo.

Jedwali likikamilika, daftari lirudi kwenye msumari wake. Jedwali hufuta mara ya mwisho kila kazi inapofanywa upya, ilhali zile lita moja moja za oili zinazoongezwa, zikianza kuandikwa kila wiki badala ya kila mwezi, zitaonekana kwenye daftari tu.