Kanisani, Msikitini au Bomani: Mazungumzo ya Wachumba wa Dini Mbili

Wachumba wa dini tofauti Tanzania Bara hawana kikwazo cha kisheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali, ile inayoitwa ya bomani, na haimzuii Mkristo kuoana na Mwislamu. Kinachowakwamisha wengi ni ukimya. Kila mmoja amekwisha kuipanga harusi moyoni mwake, kwa namna aliyoiona kwao tangu utotoni, na anachukulia kwamba mwenzake ameipanga vilevile. Tofauti hujitokeza baadaye, barua ya posa ikiwa imekwisha kupelekwa na wazee wameanza kuuliza tarehe. Hapo jambo la watu wawili linakuwa la koo mbili, na anayebadili msimamo anaonekana amewaaibisha wazazi.

Kwa hiyo wakati mzuri wa kulitaja ni kabla mshenga hajatumwa. Kama tayari kuna mahari mezani, si kwamba mazungumzo hayawezekani, ila kila neno litabebwa na watu wengi kuliko linavyostahili.

Uchukuliwe mfano wa binti Mkatoliki wa Kilimanjaro na kijana Mwislamu wa Tanga. Mama wa binti anasubiri misa ya ndoa. Kwa kijana, shangazi zake wamekwisha kusema kwamba bibi harusi “atasilimu tu”, na yeye hakuwakatalia wala kuwakubalia. Binti amelisikia neno hilo kwa mbali na limemkaa rohoni. Akilianza kwa lawama, kwamba “ndugu zako wanataka kunibadili dini”, kijana atajikuta akiwatetea shangazi zake badala ya kusema anachotaka yeye. Njia yenye heshima ni kuanza na lake mwenyewe, kisha kumpa mwenzake nafasi: “Nina jambo nataka tulizungumze kabla wazee hawajaingia. Mimi nitabaki Mkatoliki, na ningependa ndoa yetu itambuliwe na Kanisa. Wewe dini yako inakutaka nini siku hiyo? Na wewe binafsi unataka nini?”

Maswali hayo mawili ya mwisho hayapaswi kuunganishwa. Mtu anaweza kujua dini yake inataka nini na bado yeye akawa na wasiwasi wake: kumwogopa baba, kutaka heshima mtaani, au kuona haya mbele ya marafiki wa msikitini. Vilevile jibu si lazima litoke siku hiyo. “Nipe muda niulize” ni jibu zuri kuliko ahadi ya haraka inayotolewa kwa ajili ya mapenzi na kuvunjwa mbele ya wazee.

Kuuliza ni hatua ya lazima, kwa kuwa waumini wengi hawajui vizuri dini yao inadai nini hasa katika ndoa ya namna hii. Binti akienda kwa paroko wake ataambiwa kwamba ndoa kati ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa ina kizuizi kinachotajwa katika kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa, na kwamba askofu anaweza kukiondoa kwa kutoa dispensa. Bila dispensa hiyo, ndoa haihesabiki mbele ya Kanisa. Ataambiwa pia jambo ambalo familia nyingi hulisikia kwa mshtuko: hata wakifunga kanisani, ndoa ya namna hii kwa kawaida hufungwa kwa ibada ya Neno bila misa. Mama anayeota misa kubwa na maharusi wakipokea komunyo ni vyema alijue hilo mapema, tena kutoka kwa mwanawe. Upande wa pili, kijana hatakiwi kubatizwa. Wapo vijana wanaoikimbia parokia kwa kudhani wanapelekwa kubadilishwa dini.

Kijana naye akimwendea sheikh wake, atakuta kwamba masheikh hawasemi mamoja. Wapo wanaoruhusu Mwislamu mwanamume kuoa Mkristo, wakitegemea aya ya 5 ya sura ya Al-Maida, na wapo wanaolichukia jambo hilo au kulikataa. Wanaoruhusu watataka nikahi yenye nguzo zake: walii, mashahidi wawili, tamko la kuozesha na la kukubali, pamoja na mahari ambayo ni haki ya mke mwenyewe. Kusilimu kwa binti, ambako shangazi walikuwa wanakuona kama hatua ya kwanza, kwa wanazuoni hao si sharti la kusihi kwa ndoa. Kijana akilijua hilo kutoka kwa sheikh anaweza kuwajibu shangazi zake kwa dini yenyewe, na binti hatalazimika kuonekana mkaidi.

Hali ingegeuka kabisa kama binti ndiye angekuwa Mwislamu na kijana Mkristo. Hapo wanazuoni walio wengi wa Kiislamu hawaitambui ndoa hiyo, na njia zinazobaki ni bomani au mmoja kubadili dini. Katika hali hiyo heshima ni kusema ukweli mapema, kabla mwenzake hajaanza kujenga matumaini juu ya ruhusa ambayo haipo.

Turudi kwa wachumba wetu. Wakikutana tena na majibu yao, kishawishi cha kwanza ni kufanya vyote viwili: asubuhi kanisani, jioni nikahi, kila upande uridhike. Kanisa Katoliki halikubali hivyo. Kanuni ya 1127 inakataza ibada nyingine ya kidini ya kutoa au kurudia ridhaa ya ndoa, iwe kabla au baada. Wanaofanya kwa siri humweka binti katika hali ya kumficha paroko wake jambo zito, na siri ya harusi haikai. Lakini sheria hiyohiyo ina mlango: kukiwa na shida kubwa ya kufunga kanisani, askofu anaweza kumruhusu Mkatoliki kufunga ndoa kwa utaratibu mwingine wa hadharani, na Kanisa likaitambua. Kwa hiyo wachumba hawa wanaweza kuomba ruhusa mbili kwa pamoja, ya kuondoa kizuizi na ya kutofunga kanisani, kisha wakafunga nikahi moja. Huko Kilimanjaro familia inaweza baadaye kuwa na misa ya shukrani isiyorudia viapo. Bomani nako kunawezekana kwa ruhusa hiyo, ila taarifa ya kusudio la ndoa hutolewa si chini ya siku 21 kabla, na sheikh anaweza kusema kwamba bila nikahi yeye haioni ndoa.

Kukubaliana juu ya nikahi kunaleta swali ambalo binti wengi huliogopa: wake wengi. Kwa Sheria ya Ndoa, ndoa iliyofungwa Kiislamu huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Paroko naye hawezi kuomba ruhusa kwa askofu bila kuwaeleza wote wawili kwamba kwa Kanisa ndoa ni ya mke mmoja na ya kudumu, jambo ambalo hakuna kati yao anayeweza kulikataa moyoni akabaki na ndoa halali kikanisa. Namna ya kulisema inahitaji uangalifu. “Nyie Waislamu mnaoa wanne” ni tusi kwa mtu ambaye huenda baba yake ana mke mmoja tu. “Mimi naingia katika ndoa ya watu wawili, nawe unaionaje?” ni swali linalojibika. Akikubali, sheria inawaruhusu mume na mke, kila mmoja kwa hiari yake, kutoa tamko la kuifanya ndoa yao kuwa ya mke mmoja. Kusita kwake mbele ya tamko hilo nako ni jibu, na ni bora lisikike sasa.

Zito kuliko yote ni watoto. Ili apate dispensa, Mkatoliki huahidi kwamba atafanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Tangu mwaka 1970 asiye Mkatoliki hatakiwi tena kutoa ahadi hiyo, ila ni lazima aarifiwe kwamba mwenzake ameitoa. Kwa upande wake, Uislamu unamhesabu mtoto wa baba Mwislamu kuwa Mwislamu. Hapa hakuna maneno matamu yanayoondoa mgongano. Kosa kubwa ni kumwacha kijana aisikie ahadi hiyo kwa mara ya kwanza katika ofisi ya parokia, mbele ya padri, fomu ikiwa mezani. Binti amwambie nyumbani, kwa maneno yake, na aeleze kwamba ni ahadi ya kujitahidi ndani ya ndoa yenye watu wawili wenye haki sawa juu ya mtoto.

Wengi huikwepa mada hii kwa kusema “wakikua watachagua wenyewe”. Jibu hilo halikai, kwa sababu mtoto huanza kudaiwa na dini akiwa mchanga. Siku ya 7 babu wa Tanga atauliza akika na jina. Miezi michache baadaye bibi wa Kilimanjaro atauliza ubatizo. Akifika miaka mitano kuna madrasa. Wachumba wakipitia siku hizo moja baada ya nyingine watajua kama wana mwafaka au wameahirisha ugomvi. Wasipopata mwafaka, kuahirisha posa hakumvunjii mtu heshima; kuirudisha mahari ndiko kunakoumiza.

Mambo ya karamu hubaki mwishoni, nayo yana suluhu nyingi kuliko watu wanavyodhani, mradi yatajwe waziwazi. Kwa Wachaga ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, haikosi harusini. Akichinjwa na Mwislamu, wageni wa Tanga watamla pamoja na wenyeji. Mbege ni suala jingine, maana ni pombe, na kuitenga pembeni ya ukumbi hakutamridhisha kila mzee. Wapo wanaoiweka kwenye shughuli ya nyumbani kwa binti, kabla ya siku ya harusi, na walima ya upande wa mume ikafanyika bila kilevi. Hilo kijana aliombe kama haja ya wageni wake, bila kuitukana mbege, kwa kuwa kwa wakwe zake kinywaji hicho hubeba baraka za wazee.

Baada ya hayo kila mmoja awaambie wazazi wake mwenyewe. Binti asitumwe kumweleza baba mkwe habari ya nikahi bila kusilimu, wala kijana asipewe kazi ya kumwambia mama wa binti kwamba hakutakuwa na misa ya ndoa. Na anayeongea na wazazi wake aseme “tumeamua”. Akisema “mwenzangu ndiye anayetaka”, atakuwa amempelekea mchumba wake lawama kabla hajakanyaga nyumba hiyo. Mshenga aelezwe yote yaliyokubaliwa kabla ya kuondoka, ili akiulizwa habari ya dini kwenye posa asijibu kwa kubahatisha.