Picha ya skrini haijapotea, bado inasubiri

Unabonyeza Shift-Command-4 kwenye Mac, unazungushia risiti ya malipo, unasikia mlio wa kamera. Unakimbilia barua pepe kuiambatisha, lakini kwenye Desktop hakuna kitu. Wengi hapo hupiga picha nyingine, kisha baadaye hukuta mbili zinazofanana.

Tatizo ni kijipicha kinachoibuka kwenye kona ya chini kulia. Tangu macOS Mojave ya mwaka 2018, picha hukaa hapo kwanza kwa sekunde kama tano, ili uweze kuikata au kuichorea. Maadamu kijipicha kinaonekana, faili bado halijaandikwa kwenye Desktop. Kikitoweka chenyewe, ndipo faili linapotokea.

Ukiwa na haraka, kisukume kulia kwa kipanya au kwa vidole viwili kwenye padi ya kugusa, na picha itahifadhiwa papo hapo. Unaweza pia kukiburuta moja kwa moja hadi kwenye barua unayoandika. Ukikibofya, picha hufunguka ili uihariri, na hapo kusubiri hakuna kikomo: usiifunge kwa alama ya pipa la taka, maana hiyo huifuta. Bofya Done.

Kwa anayepiga picha nyingi mfululizo, naona ni afadhali kukizima kabisa. Bonyeza Shift-Command-5, fungua Options, ondoa alama kwenye Show Floating Thumbnail. Menyu hiyohiyo huonyesha chini ya Save to folda inayopokea picha. Kama kijipicha kimeshaondoka na Desktop bado ni tupu, tazama hapo.